Ngamia Sita na Jicho la Wiyual

Rungu lilimpata Wiyual kwenye jicho la kushoto, na waliokuwa karibu walisema walisikia mlio kabla ya kuona damu. Ilikuwa saa nne asubuhi katika soko la mifugo la Kakuma, jua tayari kali, watu wamejaa, mbuzi wanalia. Wiyual, Mnuer wa Sudan Kusini mwenye bucha ndogo katika kambi ya wakimbizi, alikuwa ameshalipia beberu na kumfunga kamba. Akatokea Bichiok, mtoto wa Ereng, tajiri wa mifugo, akasema beberu huyo hauzwi tena. Wiyual akasema ameshanunua, akaishika kamba kwa mikono miwili. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kushika kamba ya mbuzi wake.

Pigo la pili lilivunja taya. La tatu na la nne alipigwa akiwa chini, mbavuni, na Bichiok alikuwa anapiga polepole, kama mtu anayepigilia kigingi. Hakuna aliyemshika. Mtoto wa Ereng ashikwe na nani? Nyawech, mke wa Wiyual, ndiye aliyejitupa juu ya mumewe, akapokea la tano begani.

Waliletwa zahanati ya serikali kwa pikipiki, Wiyual amefungwa kitenge usoni, na kitenge kimelowa. Aliyekuwa zamu ni Ejore.

Ejore alikuwa afisa wa tiba, si daktari kamili, lakini Kakuma nzima ilimwita daktari naye hakuwasahihisha. Mtu wa Lorugum. Wavamizi walichukua mifugo yote ya baba yake akiwa darasa la sita, na siku hiyo hiyo walimpiga risasi kaka yake mkubwa mbele yake, kwenye zizi. Tangu hapo alisoma kwa hasira. Akapita chuo cha utabibu Lodwar, akaajiriwa na kaunti, na kwa miaka tisa alishona vichwa vilivyopasuliwa na kutoa risasi kwenye mapaja ya vijana ambao wangekuwa kaka yake. Damu haikumtisha. Kilichomtisha kilikuwa nyumbani.

Nyumbani alikuwa na Apajok na mabinti wawili, Akaale wa miaka saba na Akal wa miaka minne. Aliwalisha, aliwasomesha, aliwabeba walipougua. Lakini kwa Waturkana mtu hajaoa mpaka mifugo ya mahari imefika kwa wakwe na fahali wa harusi amechomwa mkuki mbele ya watu. Kabla ya hapo watoto anaowazaa ni wa baba wa mwanamke, wanahesabiwa kwenye boma lake. Ejore hakuwa na mifugo. Mshahara wa kaunti huja ukijisikia, na haulipi ngamia. Baba yake Apajok alikuwa amechoka kungoja. Mwaka huo alisema wazi, mbele ya wazee wenzake, kwamba mvua zikifika kabla ya mahari, atawachukua binti yake na wajukuu wake, na huyo mpakaji dawa atafute wengine.

Basi huyo ndiye Ejore aliyefunua kitenge usoni mwa Wiyual.

Jicho lilikuwa limepasuka. Ute umemwagika, mboni imelegea, hakuna cha kuokoa. Akalisafisha, akalifunika, akalifunga taya, akamwandikia rufaa ya kwenda Lodwar. Kabla hajampeleka alimkagua jicho la kulia pia. Akageuza kope zote mbili, akaangalia ndani kwa tochi. Safi kabisa. Turkana kuna trakoma nyingi, ule ugonjwa wa macho unaoacha makovu ndani ya kope na kuzigeuza nywele zake zikwaruze jicho mpaka liwe jeupe. Mtu anayefanya kazi huku hukagua trakoma bila hata kufikiri. Wiyual hakuwa nayo. Ejore akaandika hivyo kwenye kadi.

Jumatano yake koplo wa polisi alileta fomu ya P3. Hiyo ndiyo karatasi inayopeleka majeraha ya mtu mahakamani: polisi wanajaza juu, mtabibu anajaza chini, na mwishoni anasema kama madhara ni ya kawaida au ni makubwa. Madhara ya kawaida ni miaka michache, mara nyingi hata faini. Madhara makubwa yanaweza kumpeleka mtu jela maisha. Yote hayo kwenye kisanduku kimoja, na kalamu mikononi mwa Ejore.

"Jaza pole pole, daktari," koplo alisema. "Ulete Jumatatu."

Alhamisi akaja Ereng.

Alikuja mwenyewe, bila fujo, na fimbo yake na kibao chake cha kukalia. Akasalimu kwa Kiturkana, "Ejok," akakaa kwenye kibao chake chini ukutani ingawa viti vilikuwepo, akauliza habari za watoto. Akawataja kwa majina. Ejore akashtuka kidogo.

"Nimetoka Lorugum," Ereng akasema. "Nimeona baba yako. Mzee mzuri. Tumekula pamoja, sasa yeye ni rafiki yangu wa mifugo. Na rafiki akikwama na harusi ya kijana yake, wewe utaangalia tu?"

"Umempa nini?"

"Ngamia sita. Na mbuzi thelathini. Zimeshafika kwa mkwe wako jana jioni. Jumamosi wanachoma fahali." Akatabasamu. "Mimi sikuombi kitu, daktari. Sikukupa kitu. Nakwambia tu kwamba hawa watu wa kambi, macho yao iliharibika zamani. Ni trakoma. Ile jicho ilikuwa imekufa kabla ya mtoto yangu kuigusa. Si hata wewe unajua?"

Akainuka, akabeba kibao chake, akaenda.

Ejore akampigia simu baba yake palepale. Mzee Ewoi alikuwa na furaha ambayo mwanawe hakuwa ameisikia tangu zizi lilipobaki tupu. Alisema wakwe wamezikubali. Alisema huyo Ereng hana mfano. Hakuuliza Ereng ametaka nini, maana kwake yeye swali hilo halipo. Rafiki wa mifugo anatoa leo, anaombwa kesho, ndivyo watu walivyoishi na ukame wa nchi hii tangu zamani.

"Apa, baba yangu," Ejore akasema, "mtoto wa huyo mtu ana kesi kwangu."

Mzee akasema, "Kesi ni ya serikali. Ngamia ni wa watoto wako."

Hapo ndipo msomi wetu alipopotea, na inauma kusimulia kwa sababu alikuwa anaijua njia. Kila mwaka kaunti iliwakalisha watumishi wake kwenye ukumbi moto, ikawasomea kanuni za maadili na kuwapa soda. Alijua mtumishi wa umma anaweza kupokea zawadi ya ndugu au rafiki kwenye sherehe ya kimila. Alijua pia kwamba mtu ambaye jambo lake liko mezani kwako si rafiki wa sherehe. Alijua akisikia harufu ya hongo ana saa ishirini na nne kuripoti. Aliyajua yote. Jioni nyumbani akamwangalia Akal akila uji na kuumwaga nusu, akasema moyoni kwamba ataandika ukweli. Akiandika ukweli, atakuwa amemuuzia Ereng nini? Hakuna. Basi ngamia zitakuwa zawadi tu, na mpumbavu atakuwa Ereng.

Jumamosi alikwenda Lorugum, bomani kwa wakwe. Fahali alichomwa mkuki ubavuni, akaanguka magoti, damu ikakingwa. Apajok akavishwa kama wanawake walioolewa wanavyovishwa. Mabinti wakapakwa mafuta na majani yaliyosagika tumboni mwa fahali, kwa baraka. Baba yake Apajok akamshika Ejore mkono, akamwita mwanangu. Ejore alilia, na hakujificha.

Jumatatu akajaza P3. Jicho la kushoto limepasuka kwa kitu butu. Uoni umepotea kabisa na hautarudi. Taya limevunjika. Hakuna dalili ya trakoma katika jicho lolote. Madhara makubwa. Akatia sahihi na mhuri, akampa koplo, akajisikia mwepesi kuliko alivyojisikia mwaka mzima.

Walimngoja mchana wa Alhamisi, nje ya lango la zahanati, watu wanne wa Ereng wenye pikipiki mbili. Wa kwanza alimpiga na mnyororo wa pikipiki mgongoni. Akageuka, wa pili akamkata teke la kinena. Alipoanguka walimkanyaga. Mmoja akachuchumaa, akamshika nywele, akamgongesha uso kwenye jiwe mara tatu, na kila mara aliuliza swali lilelile: "Ngamia zetu ziko wapi? Ngamia zetu ziko wapi?" Mbavu mbili zilivunjika. Meno mawili yalibaki kwenye vumbi. Mama mmoja muuza mboga alipiga kelele, nao wakaondoka bila haraka.

Mathilde, muuguzi Mkongomani aliyefanya naye kazi, ndiye aliyemshona mdomo. Akamuuliza ni nani.

"Sikuwaona."

"Wanne, mchana, na hukuwaona?"

"Sikuwaona, Mathilde."

Hakupeleka ripoti polisi. Angesema walimpiga kwa nini? Yeye aliyejazia watu P3 mamia hakuweza kujiombea moja. Apajok alimkanda kwa maji ya moto usiku na mchana, na siku ya tatu akasema: "Kama ni zile ngamia, niambie." Ejore akageukia ukutani.

Pengine mambo yangeishia hapo, mtu na mbavu zake na siri yake. Lakini Ereng hakujiona kama mtoa hongo. Hilo ndilo jambo ambalo wanasheria wa mjini hawakuweza kulielewa baadaye. Alijiona mtu aliyedhulumiwa. Alitoa mifugo kwa rafiki, kwa jambo linalojulikana, na rafiki akamgeuka. Kwa mila, mtu kama huyo anashtakiwa mbele ya watu. Basi Ereng akaenda kwenye baraza la chifu, mchana kweupe, watu zaidi ya hamsini wamekaa, akasimama na fimbo yake akadai ngamia zake.

Chifu Akai, mwanamke mnene mwenye miwani, alikuwa anaandika malalamiko kwenye daftari.

"Ulimpa za nini?" akauliza, kwa mazoea tu.

"Nilipea baba yake, ziende mahari ya huyu daktari. Ili aandike ile jicho ilikuwa mbaya zamani. Akala, halafu akaandika ingine!"

Kalamu ya chifu ikasimama. "Ereng, kaa chini. Nyamaza."

"Sinyamazi! Ni haki yangu! Ngamia sita, mbuzi thelathini! Uliza watu wa Lorugum!"

Wazee wawili wakatikisa vichwa kumhurumia, na mmoja akasema kweli kijana amekosa adabu. Chifu akafunga daftari. Yeye naye ni mtumishi wa umma, na saa zake ishirini na nne zilikuwa zimeanza kukimbia. Jioni ile ile alipiga simu kwa watu wa tume ya kupambana na ufisadi huko Eldoret.

Kulipokucha Ereng alikuwa ameshapata wakili, na wakili alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Kutoa hongo ni kosa sawasawa na kupokea. Mzee alikuwa amejishtaki mwenyewe mbele ya watu hamsini. Dawa ilikuwa moja tu. Ereng akapanda gari akaja nyumbani kwa Ejore, akamkuta amekaa na bandeji kifuani, Akaale anamsomea kitabu cha shule.

"Mtoto aende nje," Ereng akasema. Akaale akatoka. "Sikiza, daktari. Mimi nilisema maneno ya hasira. Nitasema ilikuwa zawadi ya harusi, kwa rafiki yangu, baba yako. Baba yako atasema hivyo, maana kwake ni kweli. Na wewe sema hivyo. Hakuna mtu mwingine alisikia yale tuliongea zahanati. Wewe unabaki na kazi, na mke, na hawa watoto. Ngamia zinabaki."

"Na Bichiok?"

"Siku ya kesi wakikuuliza kama ile jicho ingekuwa na trakoma, sema 'huenda'. Neno moja. Karatasi yako ibaki vile iko. Sema tu 'huenda'."

"Na nisiposema?"

Ereng akaangalia mlango ambao Akaale alitokea. "Wale vijana wangu," akasema, "mara ile niliwaambia wasikuue."

Kesho yake akaja Nyawech. Bega lake lilikuwa bado limefungwa. Hakukubali kukaa. Alijifunza Kiswahili kambini na alikitumia kama mtu anayetembea juu ya mawe, hatua kwa hatua.

"Daktari, mzee yangu iko Lodwar, jicho wametoa yote. Sasa watu nasema karatasi yako mezani ya polisi, ilinunuliwa na ngamia. Nasema korti itatupa. Mimi nakuja kuuliza wewe mwenyewe. Wewe iko upande gani?"

Ejore angeweza kusema, niliandika ukweli, na lingekuwa jibu la kweli, na aliona kwamba halikutosha hata kidogo. Alikuwa ameuandika ukweli kisha akaufunga ngamia sita mkiani. Nyawech alingoja, kisha akaenda zake. Ejore akaona aibu ambayo hata kukanyagwa langoni hakukumpa.

Mpelelezi wa tume aliitwa Nakuleu, mwenyeji wa Kalokol, mwanamke mfupi wa maneno machache. Walikaa kwenye ofisi ndogo Lodwar, feni ikizunguka bila faida. Kwanza alimweleza kwamba halazimiki kusema lolote, na atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumiwa mahakamani. Akamwambia anaweza kuita wakili. Ejore akasema hataki.

"Sikuomba kitu," alianza.

"Sheria haisemi kuomba peke yake. Kuomba, kukubali, au kupokea. Lolote kati ya hayo."

"Sikupokea mimi. Zilienda kwa mkwe."

"Kwa faida ya nani?"

"Ni mila yetu," Ejore akasema. "Wewe ni Mturkana, unajua."

"Najua. Baba yangu aliolewa kwa mifugo ya marafiki watatu." Akajigundua, akacheka kidogo. "Alioa. Lakini mila si utetezi. Rafiki angekupa ngamia kabla hajawa na kesi kwako, tusingekuwa hapa. Huyu alikujua lini?"

"Baada ya jicho."

"Haya."

"Niliandika ukweli! Soma fomu. Sikumfanyia alichotaka."

"Nimeisoma. Umeandika vizuri." Aliweka kalamu chini. "Ejore, hiyo nayo haikuondolei kosa. Mtu akipokea faida ili apindishe kazi, halafu asiipindishe, bado amepokea. Haijalishi hata kama tangu mwanzo hukukusudia kuipindisha. Swali langu ni moja. Ulijua lini zile ngamia zilitolewa kwa ajili gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Ereng angesema zawadi. Mzee Ewoi angesema zawadi. Chifu alisikia maneno ya hasira yaliyokwisha kukanushwa. Ejore akisema hakujua, hakuna wa kumpinga, naye anarudi nyumbani kwa binti zake wawili walio wake kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Feni ikazunguka. Alifikiria mkono wa Akal, unavyonata uji. Alijichukia, na alimchukia Ereng, na kwa muda alimchukia hata Wiyual kwa kutoiachia kamba.

"Alhamisi," akasema. "Kabla ya fahali. Aliniambia mwenyewe, zahanati. Nikanyamaza siku kumi na tisa."

Nakuleu akaandika. Ejore akamwambia na neno "huenda", na vijana wa pikipiki, na meno yake. Akaeleza kila kitu, na alipomaliza akatia sahihi maelezo yake.

Watu wa tume walikwenda Lorugum na polisi na amri ya mahakama. Ngamia walipigwa picha mmoja mmoja, wakahesabiwa pamoja na mbuzi, wakapakiwa kwenye malori. Mahakama iliamuru wauzwe mnadani na fedha zishikiliwe hadi kesi iishe. Baba yake Apajok alisimama akitazama zizi lake linavyofunguliwa na watu wenye sare. Malori yalipoondoka alichukua fimbo akavuka hadi kwa mzee Ewoi, akampiga kichwani, mzee mwenzake, mpaka akaanguka; akampiga akiwa chini, na alilia akimpiga.

Mahari iliyochukuliwa na serikali si mahari. Kesho yake shemeji watatu walifika Kakuma kwa gari la kukodi. Apajok alijifungia ndani na watoto. Wakavunja mlango. Ejore akasimama mbele yao na mbavu zake zilizofungwa, wakamsukuma kama pazia. Akamshika mmoja mguu, naye akamkanyaga vidole mpaka kimoja kikavunjika. Akal alibebwa akiuma mkono wa mjomba wake. Akaale hakulia. Alitembea mwenyewe hadi garini akiwa ameshika kitabu, maana mama yake alikuwa anavutwa kwa nywele na hakutaka avutwe zaidi.

Ejore alikiri kosa mbele ya hakimu wa Lodwar. Alipoulizwa ana nini cha kusema ili kupunguziwa adhabu, alisema hana mifugo. Watu wakacheka, yeye hakuwa anatania. Alipigwa faini, na juu yake ile faini ya lazima, mara tano ya thamani ya alichopokea. Hakuweza kulipa hata robo. Akaenda ndani, mwaka mmoja kwa hii na mwaka mmoja kwa ile. Kazi ilikwisha, na kazi nyingine yoyote ya umma haikuruhusiwa kwa miaka kumi. Ereng alikana, akashindwa, akalipa faini zake siku hiyo hiyo, akatoka kwa mlango wa mbele. Fedha za ngamia na mbuzi zikawa mali ya serikali.

Kesi ya Bichiok ilisikizwa Ejore akiwa mfungwa. Walimleta na pingu. Wiyual alikuwa amekaa mbele, kiraka cheupe usoni, Nyawech pembeni yake.

Wakili wa Bichiok alisimama kwa raha. "Shahidi, wewe ni mfungwa?"

"Ndiyo."

"Kwa kula rushwa. Kwenye kesi hii hii."

"Ndiyo."

"Ngamia sita, mbuzi thelathini. Ulikula?"

"Nilikula."

"Mtu aliyenunuliwa. Na unataka mahakama iamini karatasi yako?"

"Walioninunua walitaka niandike trakoma," Ejore akasema. "Niligeuza kope zote mbili. Hakuna kovu. Jicho lilikuwa zima asubuhi ile. Lilipasuliwa na rungu."

"Huenda lilikuwa na ugonjwa usiouona?"

Ereng alikuwa kwenye benchi la nyuma, fimbo katikati ya magoti.

"Hapana," Ejore akasema. "Si huenda."

Bichiok alipewa miaka kumi na miwili. Nje, kwenye uwanja wa mahakama, Nyawech alimfikia Ejore kabla hajapandishwa kwenye gari la gereza. Hakusema asante. Alimshika ule mkono wenye kidole kilichopinda, akaushika muda kidogo, askari akamwondoa.

Ejore alipotoka gerezani hakuenda Kakuma. Alipanda pikipiki hadi Lorugum, akatembea nusu saa hadi boma la baba yake Apajok. Alisikia njiani kwamba Apajok amepata mchumba, mtu wa mifugo, mzee kidogo, na kwamba safari hii mahari haina maneno. Alisimama nje ya ua wa miiba kwa sababu hakuwa na haki ya kuingia.

Mzee akatoka na fimbo. Hakusalimu. Alimpiga begani, kisha shingoni, kisha usoni, na Ejore hakuinua mkono. Damu ikamwingia mdomoni. Mzee akachoka, akarudi ndani akihema.

Akaale alikuwa amesimama kando ya ua, amerefuka, ana shanga shingoni kama wasichana wa boma hilo. Alikuwa ameona yote.

"Akaale," akasema. "Mimi ni baba yako."

Msichana akamtazama kwa muda, bila chuki, akifikiria vizuri, kama mtoto anayeulizwa swali darasani na hataki kukosea.

"Babu anasema bado," akajibu, akachukua kibuyu chake cha maziwa akaingia ndani.